Bi Hakika Hubonyeza Mara Mbili

Ukitaka kumjua Bi Hakika, usimuulize kitu. Mtazame tu anavyofunga mlango wa ofisi yetu jioni. Anazungusha ufunguo, anatikisa kitasa, anapiga hatua tatu kuelekea ngazi, anasimama, anarudi, anafungua na kufunga upya. Mumewe, dereva mstaafu ambaye humsubiri nje ya lango, anasema ndoa yao ya miaka thelathini imempa faida moja kubwa: wakitoka nyumbani hana haraka ya kuvaa viatu, kwa sababu kamba anazifunga wakati mkewe anafunga mlango mara ya pili.

Jina la Bi Hakika tulimpa sisi wa ofisini, naye hakulikasirikia. "Heri niitwe Hakika kuliko kuitwa Samahani," alisema, akaendelea kuhesabu mihuri ambayo alikuwa ameshaihesabu.

Mimi ni fundi wa kompyuta wa ofisi hiyohiyo. Nasema mapema ili nisije nikaonekana nawacheka wenzangu kutoka dirishani: katika haya nitakayosimulia, nami nimo, tena nimo hadi shingoni.

Ofisi yetu hutunza kumbukumbu za mvua. Kwa miaka arobaini na moja, watu ishirini na sita katika sehemu ishirini na sita wamekuwa wakiamka asubuhi, wakitazama chombo cha kupimia mvua, na kuandika tarakimu moja kwenye daftari. Mmoja alikuwa mpiga kengele wa shule, mwingine bwana shamba, mwingine mke wa mlinzi wa bwawa. Madaftari hayo yalijaa chumba kizima, yakiliwa na mende kwa mpangilio mzuri, kuanzia rafu ya chini kwenda juu. Miaka minne iliyopita Bi Hakika alipewa meza, kompyuta na rundo la kwanza, akaambiwa achape yote. Watu tulidhani atachoka kabla ya kituo cha tatu. Alimaliza vyote ishirini na sita. Siku laki tatu na themanini na tisa elfu, mia tatu sabini na sita, kila moja imechapwa kwa vidole vyake, na kila ukurasa ameusoma tena kwa kuulinganisha na daftari kabla ya kugeuza mwingine.

Wiki ninayoisimulia ndiyo wiki ambayo kazi hiyo ingezaa au ingekufa. Wahandisi wa maji walikuwa wakija Ijumaa saa nne asubuhi kuchagua mahali pa kujenga bwawa. Walitaka faili moja yenye mvua zote, iliyohakikiwa. Wasipoipata, walisema kwa upole, wangetumia makadirio ya picha za angani, na madaftari yangerudi kwa mende. Mkurugenzi alipomweleza Bi Hakika hayo, yeye aliitikia kwa kichwa tu. Lakini nilimwona akinyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na mkunjo.

Kuhakiki ilikuwa kazi ya programu yangu. Inachukua kila siku ya kila kituo, inailinganisha na vituo jirani, na mahali ambapo mmoja ameandika mafuriko huku majirani wameandika jua kali, inaweka alama ya shaka. Haikuwa programu yenye mbio. Ilihitaji saa sita kamili, tena ilikuwa na tabia mbaya: ikikatizwa katikati, ilianza upya kutoka siku ya kwanza, kwa sababu mwandishi wake, ambaye ni mimi, alikuwa mvivu wa kuifundisha kukumbuka ilipofika. Usiku haikuweza kufanya kazi, maana saa kumi jioni ofisi inapofungwa mlinzi hushusha swichi kuu ya umeme. Amri hiyo ilitolewa zamani baada ya waya kuungua, na yeye huitii kama amri ya kijeshi.

Programu ilikaa kwenye kompyuta ya Bi Hakika, iliyokuwa na nguvu kuliko zote, ndani ya lile dirisha jeusi la maandishi matupu ambalo mafundi tunaliita terminali. Bi Hakika hakulipenda. "Dirisha gani halina hata pazia," alisema. Lakini alijua kuanzisha programu, na alijua kazi yake nyingine: kila baada ya saa mbili, anakili mstari wa mwisho unaoonekana pale na kuubandika kwenye barua pepe ya mkurugenzi. Mkurugenzi wetu ni mzee mpole, lakini aliwahi kupewa tarakimu iliyochapwa kwa mkono ikiwa imepungua sifuri moja, na tangu siku hiyo anataka kila kitu kinakiliwe neno kwa neno.

Jumatatu saa mbili asubuhi tukaanza. Saa nne mkurugenzi akapata mstari wake: *Siku 129,877 kati ya 389,376. Kituo cha 9. Hakuna hitilafu.* Bi Hakika alizima kioo ili kisimchoshe macho, akaenda chumba cha madaftari kupanga rafu. Saa sita alipowasha kioo kwa ripoti ya pili, dirisha jeusi lilikuwa limetulia, na chini yake maneno haya: *Kazi imesimama. Tafadhali anza upya.*

Nililaumu umeme. Tukaanza upya saa ileile, tukijua haitamaliza kabla ya swichi kushuka, ili tuone tu kama itasimama tena, nikaazima betri ya akiba kutoka mapokezi. Saa nane mkurugenzi akapata mstari mzuri kabisa, Kituo cha 9, hakuna hitilafu. Baada ya hapo, kazi imesimama.

Jumanne nililaumu joto. Niliifungua mashine, nikapuliza vumbi la miaka minne likanirudia usoni, nikaweka feni. Saa nne, ripoti njema. Kisha kazi imesimama. Mchana hivyohivyo.

Jumatano nilikuwa sina pa kulaumu, na fundi asiye na pa kulaumu ni mtu hatari. Nikaangalia zile ripoti. Kila mara programu ilikufa ikiwa Kituo cha 9, karibu na siku laki moja na thelathini elfu. Nikajiambia, kumbe! Kuna kitu ndani ya Kituo cha 9 kinachoikaba koo. Nikamwendea Bi Hakika na kusema neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka najionea haya.

"Mama, nadhani kuna mahali ulikosea kuchapa."

Hakunijibu kwa hasira. Afadhali angenijibu kwa hasira. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua akaifuta tena.

"Kituo cha tisa ni cha yule mpiga kengele," alisema. "Mwandiko wake ni mzuri kuliko wote. Sidhani, mwanangu. Lakini nitatazama."

Alibeba madaftari ya mpiga kengele hadi mezani, akakaa nayo siku nzima, kidole kwenye karatasi, jicho kwenye kioo. Programu, tuliyoianzisha asubuhi na tena mchana, nayo ilisimama mara mbili kama kawaida yake. Jioni aliniambia hajaona kosa, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza hana hakika. Nilishuka ngazi nikiwa na uchungu ambao nilijidanganya kuwa ni njaa.

Alhamisi ilikuwa siku ya mwisho. Tulianza saa mbili kamili, na niliamua kufanya jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya Jumatatu: nikachukua kiti, nikakaa nyuma ya Bi Hakika, nikatazama. Saa tatu, shwari. Saa tatu na nusu, shwari. Saa nne kasoro dakika mbili Kituo cha 9 kilikuwa kinapita chenyewe, bila kukaba mtu koo. Bi Hakika akatazama saa ya ukutani, akatazama ya mkononi, akashika kipanya. Akaburuta juu ya mstari wa mwisho mpaka ukabadilika rangi. Kisha mkono wake wa kushoto ukashuka kwenye kibodi, Kontroli na C, tak-tak.

Mara mbili.

*Kazi imesimama. Tafadhali anza upya.*

Yeye hakuona. Alikuwa ameshahamia kwenye barua pepe, amebandika mstari wake, anausoma mara ya pili kabla ya kutuma. *Hakuna hitilafu.* Mstari wenyewe haukusema uongo. Ulinakiliwa programu ikiwa hai, ikauawa nusu sekunde baadaye.

"Mama," nikasema, "mbona umebonyeza mara mbili?"

"Kwa hakika," akajibu, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua.

Hapo ndipo nilipopata historia nzima. Kabla ya kuja kwetu Bi Hakika alikuwa mchapaji katika duka la kuandikia watu barua, na kibodi ya pale ilikuwa na C iliyolegea, leo inashika, kesho haishiki. Siku moja alinakili aya ya rambirambi, C haikushika, na alipobandika ikatoka aya ya mteja aliyetangulia. Hakuisoma. Mjane mmoja akapelekewa barua iliyompongeza kwa hatua hii mpya ya maisha na kumtakia furaha tele. Bi Hakika alikwenda kwa miguu mpaka kwa yule mjane kuomba radhi, na njiani kurudi akaapa kuwa hatanakili tena kitu kwa kubonyeza mara moja. Miaka kumi na tisa hajavunja kiapo.

Nikamweleza taratibu. Kwenye barua na nyaraka za kawaida, Kontroli na C ni kunakili, ubonyeze mara mbili au mara mia. Lakini kwenye dirisha jeusi vitufe hivyo vina kazi ya zamani zaidi: vinaiambia programu inayoendelea, acha, simama hapo. Katika mashine nyingine vingeiua programu mara ya kwanza tu, hata kama umechagua maneno. Dirisha letu lina huruma kidogo. Likikuta umechagua maneno, linanakili, halafu linaondoa ile rangi ya kuchagua. Sasa ukibonyeza tena, hakuna kilichochaguliwa, na dirisha linaelewa kitu kimoja tu.

"Kwa hiyo ya kwanza ilinakili," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Na ya pili iliua."

"Ndiyo, mama."

"Jumatatu mara mbili. Jumanne mara mbili. Jana…" Aliviweka vidole vyake viwili mezani akavitazama kama watoto wa jirani waliovunja kioo. "Kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

Nilitaka kucheka, na kwa kweli nilicheka kidogo, mpaka nilipoona macho yake. Nikaharakisha kusema lililo la kweli pia. Programu ikisimamishwa kwa namna ile, kwa kawaida hulalamika kwa maneno marefu ya kifundi, na fundi yeyote akiyaona anajua papo hapo kuwa mtu amebonyeza vitufe hivyo. Mimi niliyafunika. Niliona yatamtisha Bi Hakika, nikaipangia programu kwamba lolote litakalotokea, iseme kwa adabu kazi imesimama, basi. Siku tatu nikapuliza vumbi na kumtuhumu mtu asiye na kosa la kuchapa, kwa sababu ya ustaarabu wangu mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha kwa tabasamu.

"Nisamehe kwa lile neno la jana," nikasema.

"Tuianze kwanza," akasema. "Msamaha hauchukui saa sita."

Saa nne na dakika tano ikaanza upya. Piga hesabu: ingemaliza saa kumi na dakika tano, na swichi inashuka saa kumi. Hilo tuliliweka pembeni kwanza, maana kulikuwa na balaa la karibu zaidi. Mkurugenzi angetaka mstari wake saa sita, na saa nane, na saa kumi.

"Nakili wewe," Bi Hakika alisema, akasogeza kiti nyuma. "Mimi siigusi tena."

Ningeweza kukubali. Lakini nilimwona alivyoficha mikono mapajani, mikono iliyochapa miaka arobaini na moja ya mvua, nikasema hapana, utanakili wewe. Nikamfungulia dirisha jeusi jingine, nikalipa kazi ya kuhesabu moja mpaka mia tatu polepole, ili tukiua, tuue hesabu ya bure.

Njia ya kwanza niliyompa ilikuwa kitufe cha kulia cha kipanya: chagua maneno, bofya kulia, yamenakiliwa. Akachagua, akabofya. Akabofya tena.

"Mama!"

"Kidole kimeteleza," alisema, uongo mtupu. Kwenye dirisha lile, mbofyo wa kulia bila kitu kilichochaguliwa ni kubandika. Hesabu haikufa, iliendelea mpaka mia tatu, lakini ilipomaliza, maneno aliyonakili yakajitokeza pale chini kama tumeyaandika sisi, yakisubiri kutekelezwa. Nikayafuta upesi.

Njia ya pili ilikuwa Kontroli, Shift na C, vyote pamoja. Hiyo ndiyo mafundi wengi huitumia. Nilimtazama akipanga vidole vitatu, nikaona hatari yake: kidole cha Shift kikichelewa tu, tumerudi palepale kwa mpiga kengele. Na mara mbili asingeacha. Sasa nilishaelewa kuwa kumwambia Bi Hakika abonyeze mara moja ni kutwanga maji kwenye kinu. Ilibidi nitafute vitufe vitakavyomvumilia yeye alivyo.

"Kontroli na Insert," nikasema.

Akashtuka. "Hicho? Hicho hula maneno." Alikuwa na haki. Insert peke yake, ukiigusa kwa bahati mbaya katika nyaraka, inaweza kufanya kila herufi unayochapa imeze iliyo mbele yake, na Bi Hakika alikuwa amekisusa kitufe hicho tangu enzi za lile duka la barua. Kilikuwa na vumbi lake binafsi.

"Peke yake hula. Kikiwa na Kontroli, hunakili. Na kama hakuna kilichochaguliwa, hapa hakifanyi kitu. Ukibonyeza mara mbili, mara tano, mara hamsini, programu haina habari nawe."

"Na kubandika?"

"Shift na Insert. Au huko kwenye barua pepe bandika tu kama ulivyozoea, ni kilekile ulichonakili."

Akajaribu kwenye hesabu ya bure. Tak-tak. Hesabu ikaendelea: arobaini na moja, arobaini na mbili. Tak-tak-tak. Arobaini na tisa. Bi Hakika akanigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu nikaona meno yake.

Saa sita kasoro dakika tano, simu ya mezani ikalia. Mkurugenzi ananitaka juu, sasa hivi, nieleze kwa nini kazi ya saa sita inaingia siku ya nne. Nilimtazama Bi Hakika, nikatazama saa.

"Nenda," alisema.

Nilisimama mbele ya mkurugenzi nikisema maneno ambayo siyakumbuki, masikio yangu yakiwa ghorofa ya chini. Sekunde chache baada ya saa sita, kompyuta yake ikalia kidogo. Akasoma kwa sauti. "Siku laki moja na ishirini na nne elfu, mia moja na nane. Kituo cha tisa. Hakuna hitilafu." Akainua uso ameridhika. "Mbona inakwenda vizuri?"

Kituo cha tisa, hakuna hitilafu. Ndilo neno lilelile la Jumatatu, la Jumanne, la Jumatano. Nikaomba ruhusa, sijui kama nilisubiri kupewa, nikashuka zile ngazi mbilimbili. Nilijua vidole vya miaka kumi na tisa havifundishwi kwa saa moja. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia sio kosa lake, na jinsi ambavyo hataniamini.

Bi Hakika alikuwa amekaa wima, mikono yote miwili ameiinua hewani mbali na kibodi, kama mtu aliyeambiwa na majambazi asisogee. Kwenye dirisha jeusi mistari ilikuwa inapanda. Kituo cha 9. Kituo cha 9. Kituo cha 9.

"Mara ngapi?" nikauliza.

"Nne," akakiri. "Nilikuwa na wasiwasi."

Saa nane alibonyeza mara mbili tu. Saa kumi kasoro robo mlinzi akasimama mlangoni na kirungu chake na funguo zake, akatazama swichi kuu kwa mapenzi.

"Mdogo wangu," Bi Hakika alimwambia, "leo utatupa dakika kumi na tano."

"Dada, amri ni amri."

"Jana jioni ulifunga lango la nyuma?"

"Nilifunga."

"Una hakika?"

Mlinzi akazitazama funguo zake. Akaondoka kwenda kutazama lango la nyuma, ambalo lipo mwisho kabisa wa uwanja, na mtu yule hatembei upesi. Aliporudi ilikuwa saa kumi na dakika saba, na dirisha jeusi lilikuwa limeandika *Imekamilika. Siku za shaka: 11.* Bi Hakika alikuwa ameshanakili mstari huo, na faili ilikuwa imehifadhiwa sehemu mbili. Hizo sehemu mbili alizichagua bila kuniuliza.

Kumi na moja. Kati ya siku laki tatu na themanini na tisa elfu. Ijumaa saa moja asubuhi tulikuwa chumba cha madaftari, mimi nasoma tarehe, yeye anafungua kurasa. Ya kwanza ilikuwa ya bwana shamba: milimita tisini siku ambayo majirani hawakuona tone. Nikasubiri kuona tisa iliyoongezwa sifuri. Daftarini kulikuwa na tisini, imepigiwa mstari, na pembeni bwana shamba ameandika: *hata mimi siamini.* Ya pili ilikuwa hivyohivyo, kama ilivyoandikwa. Ya tatu pia. Tulipofika ya kumi na moja nilikuwa nasoma kwa sauti ndogo. Zote kumi na moja zilikuwa kama watu wale walivyoziandika kwa mikono yao. Mashaka yalikuwa ya mawingu, hayakuwa ya Bi Hakika. Na katika Kituo cha 9, nilichokituhumu, hapakuwa na shaka hata moja.

Nilikuwa nimepanga, wiki ikiisha salama, nimfundishe mama huyu kuacha kufanya kila kitu mara mbili. Nikarudisha daftari kwenye rafu nikiwa naona aibu iliyochanganyika na kitu kama fahari, ingawa fahari yenyewe haikuwa yangu.

Tulipeleka faili juu saa tatu. Mkurugenzi akataka kitu kimoja zaidi: sababu ya kuchelewa, kwa maandishi.

"Andika hitilafu ya kiufundi," nilimshauri Bi Hakika. "Hakuna anayeuliza zaidi."

"Huo ni uongo uliovaa tai," akasema, akachapa mwenyewe. Nilisoma juu ya bega lake: *Sababu ni mimi. Nilibonyeza vitufe vya kunakili mara mbili, na mara ya pili ilisimamisha programu. Ilitokea mara saba. Nimeshajifunza vitufe vingine. Samahani.* Nikamwomba aongeze mstari wangu, kwamba fundi ndiye aliyeficha ujumbe ambao ungetuonyesha kosa siku ya kwanza. Akauongeza. Akasoma, akatuma. Akafungua sanduku la barua zilizotumwa, akaitazama. Akatuma tena.

Simu ililia saa sita. Nikaipokea, nikaiweka kwenye spika.

"Nimepata barua mbili zinazofanana," ilisema sauti ya mkurugenzi. "Ya pili ni ya nini?"

"Ya hakika, mzee," Bi Hakika akajibu kwa mbali.

"Wahandisi wameichukua faili. Lakini walikataa kuamini kwamba miaka arobaini na moja imechapwa kwa mkono na haijaonekana kosa hata moja la uchapaji. Walisema labda programu yenu haioni vizuri."

Bi Hakika akashika ukingo wa meza.

"Nikawaonyesha hizi barua zako mbili," akaendelea mkurugenzi. "Nikawaambia, aliyechapa ni huyu. Hawakuuliza tena."

Alikata simu. Bi Hakika alivua miwani akaifuta, na safari hii ilikuwa na sababu. Jioni tulitoka pamoja. Alizungusha ufunguo, akatikisa kitasa, akaniambia twende. Niliinama kufunga kamba za viatu vyangu, nikamsubiri.